Mzazi ametuma picha ya homuweki bila neno lolote: jinsi ya kumjibu, hatua kwa hatua

Kila muhula walimu wenzangu wa hapa Mombasa hunionyesha mazungumzo yaleyale kwenye simu. Picha ya daftari imeingia jioni, haina salamu wala swali. Mwalimu amejibu "?" au "Sawa" au "Nikusaidie nini?", na mzazi amenyamaza. Kesho yake mtoto anakuja na kosa lile lile, mzazi ameudhika kimoyomoyo, na mwalimu anaamini kwamba yule mzazi hajali.

Mzazi anajali. Angekuwa hajali asingeifungua kamera. Kilichokosekana ni jibu linalomwezesha kufanya jambo moja usiku uleule, na kulitunga ni kazi ya dakika kumi hivi ukishazoea. Mfano nitakaoutumia ni wa hesabu ya kutoa, Gredi ya 3, kwa sababu ndiyo picha inayoingia mara nyingi kuliko zote na ndiyo inayojibiwa vibaya zaidi.

## Vitu vya kuwa navyo

Uwe na simu yenye WhatsApp, kalamu, karatasi tupu na nakala ya homuweki uliyoitoa. Nakala hiyo usiikose. Bila hiyo utajikuta unakisia kama mtoto amekosea kutoa au amekosea kunakili swali ubaoni, na hayo ni makosa mawili tofauti.

Uwe pia na majina: jina la mtoto, na jinsi mwenye simu anavyoitwa. Mtoto akilelewa na nyanya yake, usimwite "Mama Fulani" kwa mazoea. Humu nitaandika "Fulani" kila panapohitaji jina la mtoto wako.

## Hatua ya 1: Isome picha kabla ya kuandika chochote

Ifungue, ikuze kwa vidole viwili, kisha tazama vitu vitatu: ukurasa una majibu au ni mtupu, mwandiko ni wa nani, na kuna alama nyekundu au hakuna.

Ukurasa wenye maswali matupu maana yake kwa kawaida ni "hatuelewi tuanzie wapi". Ukurasa uliojazwa kwa penseli, bila kusahihishwa, ni "tazama kama ni sawa", au ni ushahidi tu kwamba kazi imefanywa. Ukurasa wenye alama zako nyekundu mara nyingi ni malalamiko: mzazi anaona umemkosesha mwanawe bila haki. Huo wa mwisho ujibu kwa utulivu zaidi, na kabla hujajibu rudia hesabu zenyewe kwa mkono wako. Ukiona kweli umekosea kusahihisha, sema hivyo kwenye sentensi ya kwanza.

Tazama na saa. Watoto wengi hapa mjini wakitoka shule huenda chuoni kusoma Kurani, wakarudi Magharibi imeshaingia, na daftari la shule likafunguliwa baada ya chakula. Picha ya saa mbili unusu usiku imetoka kwa mtoto aliyechoka na mzazi ambaye pengine ameshuka feri ya Likoni muda si mrefu. Jibu lako lazima litoshee kwenye nusu saa waliyobakiwa nayo.

Picha ikiwa na ukungu usibahatishe tarakimu. Omba nyingine kwa maneno yanayofuatika: "Tafadhali weka daftari mezani chini ya taa, upige kwa juu, usilishike mkononi." Sentensi hiyo hufanya kazi kuliko "picha haionekani", ambayo haimwambii mzazi afanye nini.

Hatua hii imekamilika ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Nadhani anauliza hili."

## Hatua ya 2: Litafute kosa lenyewe

Hapa ndipo walimu wengi huteleza. Wanaona majibu mawili si sahihi, wanaandika "Namba 2 na 3 arudie", na mtoto anarudia kosa lake kwa uaminifu. Alitumia kanuni, na ataitumia tena. Kazi yako ni kuigundua kanuni hiyo.

Tuchukue picha hii. Ukurasa una hesabu tatu, penseli, mwandiko wa mtoto:

```
 748      621      503
-325     -348     -267
----     ----     ----
 423      327      364
```

Ya kwanza ni sahihi. Ya pili ilipaswa kuwa 273 na ya tatu 236. Mtu akitazama haraka atasema mtoto "hayuko makini".

Sasa chukua karatasi, ufanye hesabu ya tatu kwa namna itakayokuletea 364. Kwenye mamoja, 3 toa 7 haiwezekani, lakini yeye ameandika 4. Hiyo ni 7 toa 3. Kwenye makumi, 0 toa 6 haiwezekani, ameandika 6, yaani 6 toa 0. Kwenye mamia, 5 toa 2 ni 3. Kanuni yake imeonekana: katika kila safu anachukua tarakimu ndogo anaitoa kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu.

Ihakikishe kwa hesabu ya pili. 8 toa 1 ni 7, 4 toa 2 ni 2, 6 toa 3 ni 3. Jibu 327, kama alivyoandika. Na ile ya kwanza imetoka sahihi kwa sababu tarakimu zote za juu ni kubwa kuliko za chini, kwa hiyo kanuni yake mbovu haikupata nafasi ya kuonekana.

Usiamini kosa uliloligundua kwenye hesabu moja tu. Mpaka lielezee mbili, ni dhana. Picha ikiwa na hesabu moja, omba ukurasa mzima.

Ni muhimu kutofautisha kwa sababu jibu lisilo sahihi la 503 toa 267 huja kwa sura nyingi, na kila sura ina dawa yake. Mtoto akileta 336, anajua kuazima, ila amesahau kwamba mamia yaliyoazimwa yamepungua kutoka 5 hadi 4. Akileta 246, ameazima mia akapata makumi kumi, lakini alipoyapa mamoja mojawapo ya makumi hayo hakupunguza makumi hadi tisa. Akileta 770, amejumlisha. Huyo hakuitazama alama, na hapo hakuna cha kufundisha usiku ule zaidi ya kumwambia aizungushie alama duara kabla ya kuanza.

Aliyeleta 364 ndiye aliye mbali zaidi, kwa sababu hajaanza kuazima kabisa. Ukimwandikia mzazi wake "alisahau kuazima", unamtuma nyumba isiyokuwepo.

Hatua hii imekamilika ukiweza kutabiri mtoto ataandika nini kwenye hesabu usiyoiona. Huyu wa 364, ukimpa 402 toa 158, ataleta 356.

## Hatua ya 3: Andaa mfano pacha

Usisahihishe hesabu iliyo kwenye picha. Ukituma "jibu ni 236", mzazi atamwambia mtoto aandike 236, daftari litapendeza, na wewe kesho hutajua lolote kuhusu mtoto huyo.

Tengeneza hesabu nyingine yenye ugumu uleule. 503 ina sifuri katikati, kwa hiyo pacha wake lazima awe na sifuri katikati: 402 toa 158. Sifuri hiyo ndiyo inayowakwamisha watu wazima pia. Mzazi anakumbuka "azima kwa jirani", anamwambia mtoto hivyo, mtoto anatazama jirani anakuta sifuri, na wote wawili wanakaa kimya. Ni wakati huo, mara nyingi, ndipo picha inapopigwa.

Njia nyepesi ya kuwavusha ni pesa, kwa sababu kila nyumba inajua kuvunja noti. Una noti nne za mia na sarafu mbili za shilingi moja. Unatakiwa kutoa 158. Shilingi nane hazitoki kwenye shilingi mbili, na sarafu za kumi huna hata moja. Basi unavunja noti moja ya mia: zimebaki noti tatu, na umepata sarafu kumi za kumi. Sasa unavunja sarafu moja ya kumi: zimebaki tisa, na shilingi zako zimekuwa 12.

Kwenye karatasi iandike hivi, kubwa, kwa kalamu nyeusi:

```
  3  9  12
  4  0   2
- 1  5   8
----------
  2  4   4
```

12 toa 8 ni 4, 9 toa 5 ni 4, 3 toa 1 ni 2. Ikague kwa kujumlisha: 244 na 158 ni 402. Ikague kweli. Mfano wenye kosa, uliotumwa na mwalimu usiku, utachukua juma zima kuusahihisha.

Kata 4, 0 na 2 za asili kwa mstari mmoja mwembamba ili zisomeke bado, kisha ipige picha kwa juu chini ya taa.

Angalizo kuhusu mbinu. Mzazi anaweza kuwa alifundishwa njia nyingine ya kutoa, na akaifundisha njia hiyo mezani huku mfano wako uko kwenye simu. Njia yake inaweza kuwa sahihi kabisa. Hata hivyo mtoto ambaye hajaelewa njia moja hawezi kubeba mbili, kwa hiyo mwombe mzazi kwa adabu wafuate ile ya darasani kwa usiku huo.

## Hatua ya 4: Andika jibu

Telezesha ile picha kulia kwenye WhatsApp ili jibu lako lishikamane nayo. Mzazi mwenye watoto watatu huenda ametuma picha tatu kwa walimu watatu, na hapo atajua unazungumzia ipi.

Jibu liwe na mambo matano kwa mpangilio huu: salamu, kwamba umeipata, kilicho sahihi, mahali pamoja penye shida, na kitu kimoja cha kufanya. Swali lije mwisho, na liwe la kujibika kwa tarakimu moja. Mfano:

> Habari za jioni, Mama Fulani. Nimeipata picha, asante. Hesabu ya kwanza ni sahihi, na ameandika kwa mpangilio mzuri. Kwenye ya 2 na ya 3, tarakimu ya juu ikiwa ndogo, anageuza: anatoa ya juu kwenye ya chini. Nimekutumia mfano wa 402 toa 158. Tafadhali muufanye pamoja kwa noti na sarafu, halafu ajaribu namba 3 peke yake. Ikiwa amechoka, muache alale.
>
> Ulitaka nini zaidi? Nijibu 1, 2 au 3:
> 1. Utazame kama ni sahihi
> 2. Hatukuelewa
> 3. Nilikuwa nakuonyesha tu kwamba amefanya

Nieleze kwa nini kila kipande kimekaa pale.

Salamu haiwezi kurukwa, hata kama yeye hakusalimu. Hapa kwetu ujumbe usio na salamu kutoka kwa mwalimu husomeka kama karipio. Mwenye simu akiwa mtu mzima kuliko wewe, anza na shikamoo. Kama mmezoea kusalimiana Assalaam alaykum, anza hivyo. "Mambo" na "niaje" zibaki kwa rafiki zako.

Kilicho sahihi kitaje kwa jina lake. "Amejitahidi" haimwambii mzazi chochote. "Hesabu ya kwanza ni sahihi" inamwambia kwamba mtoto anajua kupanga safu na kutoa, na kwamba shida ni ndogo kuliko alivyoogopa.

Shida iwe moja. Huenda umeona pia kwamba 7 zake zinafanana na 1 na kwamba hakuandika tarehe. Yaache hayo kwa kesho darasani. Mzazi akipewa mambo manne atachukua lililo rahisi, na rahisi ni tarehe.

Lile swali la 1, 2 au 3 lipo kwa sababu ya mzazi aliyetuma picha bila maneno kwa sababu kuandika kunamtaabisha. Wapo wasioandika kwa wepesi, wapo wanaojua kusema Kiswahili vizuri sana lakini wanaona aibu kumwandikia mwalimu, na wapo walio kazini na mkono mmoja tu uko huru. "Naomba ueleze unachotaka" inawafungia mlango wote watatu. Tarakimu moja kila mtu anaweza kuibonyeza.

Usiandike kabisa: "Kwani hamkumsaidia?", "Nilieleza darasani", wala alama ya kuuliza peke yake. Na usimfanye mtoto mkalimani kwa kuandika "mwambie mama yako". Ingawa huenda kweli ni mtoto aliyetuma picha kwa simu ya mamake, jibu mwandikie mwenye simu.

Usome ujumbe wako mara moja kwa sauti kabla ya kutuma. Ukigundua kosa baadaye, WhatsApp inakuruhusu kuuhariri ndani ya dakika 15.

## Hatua ya 5: Ongeza sauti panapohitajika

Pandisha mazungumzo yenu ya nyuma. Mzazi huyu hukutumia sauti tu, picha tu, au hajawahi kuandika zaidi ya "ok"? Basi maandishi yale yafuatishe na ujumbe wa sauti usiozidi dakika moja.

Uwe na ule mfano mbele yako na useme huku unaufuata kwa kidole: "Shikamoo, bibi. Nimepata picha ya mjukuu wako. Tazama ile karatasi niliyotuma. Tuna noti nne za mia. Vunja moja. Ngapi zimebaki? Tatu, ndiyo maana juu ya nne nimeandika tatu…" Nyamaza kidogo baada ya kila swali. Kimya hicho kinampa mtoto nafasi ya kujibu mwenyewe, maana mara nyingi sauti yako itachezwa mezani na yeye anasikiliza.

Kwa sababu hiyohiyo, usiseme chochote kwenye sauti hiyo ambacho hungesema mbele ya mtoto.

Ikiwa picha imeingia baada ya saa tatu usiku, ruka hatua hii na ile ya mfano. Mtoto wa Gredi ya 3 anapaswa kuwa kitandani. Tuma mstari mmoja tu: "Nimeipata, asante. Alale; nitakaa naye kesho asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza." Kisha ukae naye kweli.

## Hatua ya 6: Soma picha ya pili

Mzazi akijibu, mara nyingi hujibu kama alivyoanza: picha nyingine, kimya. Ni dalili njema.

Usitazame jibu kwanza. Tazama juu ya 503. Ukiona 5 imekatwa na juu yake 4, sifuri imekatwa na juu yake 9, na 13 imeandikwa juu ya 3, mtoto ameazima mara mbili kama ilivyotakiwa. Hata jibu likitoka 235 kwa kuteleza kidogo kwenye kutoa, lile kubwa limeingia.

Ukiona 236 safi bila alama yoyote juu, au mwandiko umebadilika ghafla, jibu limetoka kwa mtu mzima au kwenye kikokotoo cha simu. Usimshutumu mtu. Andika "Asante, nimeona", na asubuhi mwite mtoto mezani kwako, mpe 604 toa 237, mwambie aseme kwa sauti kila anachofanya. Jibu ni 367. Ukisikia "saba toa nne", kanuni ya zamani bado ipo.

Picha ya pili ikionyesha kwamba ameazima mia moja kwa moja hadi mamoja na kuruka makumi, atakuwa na 266. Hayo ni maendeleo: ameanza kuazima. Mwambie mzazi hivyo, na umrudishe kwenye hatua ya kuvunja mia kuwa makumi kumi kwanza.

Isipokuja picha ya pili, usimkumbushe usiku huo.

## Picha ikiingia kwenye kundi la darasa

Kwenye kundi andika tu: "Nimeipata, asante, nakuandikia kando." Hatua zote sita zifanyie kwenye mazungumzo yenu wawili. Kosa la mtoto mwenye jina kwenye jalada la daftari halijadiliwi mbele ya wazazi arobaini. Mzazi mwingine akianza kusahihisha kwenye kundi, mshukuru na umwombe aache.

Wala usiipeleke picha hiyo kwenye kundi la walimu ikiwa na jina la mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazipa taarifa za mtoto ulinzi wa pekee na inadai ridhaa ya mzazi au mlezi. Ukitaka ushauri wa mwenzako, nakili hesabu yenyewe kwenye karatasi, 503 toa 267, jibu 364, umwonyeshe hiyo.

Picha zikifika tatu au nne jioni moja, zote zikiwa na 364, acha kuandikia mzazi mmoja mmoja. Waandikie wote kwamba umeipata kazi, kwamba watoto wapumzike, na kwamba kesho utaanza somo kwa kutoa panapokuwa na sifuri. Kisha beba noti na sarafu za karatasi za kutosha darasa zima.